Asiyeona Naye Ana Haki ya Kushindwa

Kwenye bonanza la muhula uliopita meza ya gemu ilijaa watu mpaka mlangoni. Rafiki yangu, ambaye haoni, alipewa kiti pembeni na simu yenye gemu "ya wasioona": ukisikia kengele kulia, gusa kulia, ukiisikia kushoto, gusa kushoto. Alicheza dakika tano bila kukosea hata mara moja, akairudisha simu. "Kaka, hii mpeni mdogo wangu wa chekechea," akasema. Watu wakacheka, kisha wakarudi kwenye mpira wao.

Mimi sikucheka sana. Huyu jamaa alipoteza uwezo wa kuona akiwa kidato cha pili, na kabla ya hapo alikuwa anatufunga wote mtaani. Macho yameondoka, ubishi umebaki palepale.

Kosa letu ni kwamba tunachanganya kumfikishia mchezaji taarifa na kumpunguzia ugumu. Sisi tunaosoma ualimu tunaijua tofauti hiyo vizuri. Mtahiniwa asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu na muda wa ziada, lakini hapewi maswali ya darasa la pili. Kwa nini basi kwenye gemu tunampa kengele?

Chumbani kwake nimeona mambo mengine kabisa. Kompyuta yake ina NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Anacheza Slay the Spire, gemu ya kadi iliyotoka rasmi mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaoona. Juu yake ameweka nyongeza iitwayo Say the Spire, ambayo humtajia kila kadi, afya yake, na kile adui anachopanga kufanya. Gemu yenyewe haijapunguzwa chochote.

Chukua pambano moja la mwanzoni. Ana afya 80 na nguvu 3 za kutumia kwenye zamu hiyo. Adui anaitwa Jaw Worm, na sauti inamwambia kwamba atapiga 11. Mkononi ana kadi tano: Bash moja, Strike mbili na Defend mbili. Bash inakula nguvu 2, inapiga 8 na kumlegeza adui, ili mapigo yanayofuata yaongezeke kwa nusu. Strike inakula 1 na kupiga 6. Defend inakula 1 na kuzuia 5.

Sasa afanye nini? Akicheza Bash kisha Strike, anapiga 8 na 9, jumla 17, lakini anakula 11 zote. Akicheza Bash na Defend, anapiga 8 na kupoteza 6. Akicheza Defend mbili na Strike, anapoteza 1 tu, ila adui anabaki na nguvu zake na pambano linarefuka. Na afya haijazwi upya baada ya pambano. Mpiganaji huyu wa kwanza hurudishiwa 6 tu. Ukifa, unaanza safari upya. Ukimaliza, zipo ngazi 20 za kuongeza ugumu. Hapo jicho halina msaada wowote. Ni hesabu na uamuzi.

Kuna mipaka, tusidanganyane. Jicho huona meza yote mara moja, lakini sikio hupokea kitu kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana gemu ya zamu inamfaa: adui anasubiri mpaka amalize kusikiliza. Ukimwekea saa ya kuhesabu sekunde, umempima kasi ya sauti, hujampima akili. Tena nyongeza kama hii hutengenezwa na watu wa kujitolea, hivyo gemu ikisasishwa inaweza kunyamaza ghafla, na mchezaji akaachwa gizani katikati ya safari.

Kwa hiyo, viongozi wetu wa michezo, kabla ya kuchagua gemu muulizeni mchezaji mwenyewe swali moja: ukishindwa, unajua kwa nini? Akisema "sikuambiwa adui yuko wapi," gemu hiyo haifai. Akisema "niliamua vibaya," leteni. Bonanza lijalo nunueni nakala moja, wekeni hedfoni mbili na msiweke saa. Anayeona na asiyeona wapewe safari ileile, tuone nani atafika mbali.

Juzi nimemkuta amekufa hatua chache kabla ya mwisho. Nikamuuliza kulikoni. "Nilikuwa na tamaa," akanijibu. "Kila kadi niliyopewa nilichukua, mpaka zile nzuri zikawa hazifiki mkononi." Akavaa hedfoni zake, akaanza upya.