Swala Iandikwe Kwenye Rota

Ndugu zangu wauguzi, na ninyi mainchaji mnaopanga zamu, neno langu la leo ni fupi. Wakati wa swala haumshtui mtu. Kalenda ya msikiti inachapwa mwaka mzima kabla, na Ijumaa haikuwahi kuangukia Jumanne. Basi ikiwa kila Ijumaa mchana wodi inabaki na mtu mmoja anayehangaika baina ya dripu iliyokwisha na mgonjwa anayetapika, tatizo si dini ya mtu yeyote. Tatizo ni rota iliyopangwa kana kwamba jambo hilo halipo.

Hali ilivyo katika wodi nyingi za mjini tunaijua. Swala huachwa iwe hisani. Muuguzi humwendea mwenzake na kumnong'oneza, "Dada, nishikie kidogo, naja sasa hivi." Akiwa huko, mwingine naye huondoka kwa njia hiyohiyo, kila mmoja akidhani mwenzake yupo. Hakuna aliyekusudia kuwatelekeza wagonjwa, na wametelekezwa. Inchaji akigundua, hukasirika na kupiga marufuku, na marufuku hiyo haimalizi swala, huigeuza kuwa ya kutoroka. Kutoroka ndiko kunakoua wagonjwa, maana anayetoroka hakabidhi vitanda vyake kwa mtu.

Kabla ya kuwalaumu wakubwa, tuanze na sisi wenye kuswali. Hapa Dar es Salaam Adhuhuri huingia baina ya saa 6:07 na saa 6:38 mchana, kulingana na mwezi. Alasiri kwa hesabu ya Kishafii huingia kuanzia saa 9:10 hivi hadi saa 10 kasoro dakika chache. Yaani Adhuhuri ina nafasi ya karibu saa tatu. Ni kweli kuswali mwanzo wa wakati kuna fadhila, lakini fadhila hiyo haikupi haki ya kuacha sindano mkononi mara tu usikiapo adhana. Ndani ya hizo saa tatu, watu watano wanaweza kwenda mmoja mmoja, kila mtu dakika 15 za kutia udhu na kuswali, na wodi isitambue kwamba mtu alitoka. Masharti ni mawili: pawe na chumba cha karibu, na mtu awe na vazi la akiba kabatini, kwa sababu sare iliyorukiwa na damu haifai kuswalia. Wengi hupoteza dakika 20 kwa kutafuta maji na kubadili nguo, kisha lawama inaiangukia swala.

Ijumaa ni habari nyingine. Haina nafasi ya saa tatu, haiswaliwi peke yako, na saa yake inawekwa na msikiti, si na wewe. Hapo ndipo rota inapopimwa. Hebu tuchukue wodi moja ya mfano tuipange mpaka mwisho.

Wodi ina vitanda 24. Zamu ya asubuhi ni saa 1:30 hadi saa 9:30 alasiri, ina wauguzi watano: Waislamu wanaume wawili, Muislamu mwanamke mmoja, Mlutheri mmoja na Msabato mmoja. Inchaji ameamua kwamba wodi hiyo haiwezi kushuka chini ya watu watatu, na uamuzi huo ndio msingi wa yote yanayofuata. Bila ya idadi ya chini iliyoandikwa, kila ruhusa ni ya kubahatisha. Msikiti uko mwendo wa dakika 10, na hotuba huanza saa 6:45 mwaka mzima. Swala humalizika saa 7:15. Anayetoka saa 6:15 atafika, atatia udhu, ataswali sunna, atasikiliza hotuba, na saa 7:30 atakuwa wodini.

Mwanamke hawajibikiwi na Ijumaa, kwa hiyo wanaotoka ni wanaume wawili, na watatu wanabaki. Hesabu imetimia, lakini bado hatujamaliza, kwani saa 6 mchana ni saa ya dawa kwa wagonjwa wanaopewa mara nne kwa siku. Wodi nyingi hukwama hapa bila kujua sababu. Wawili wameondoka katikati ya mzunguko wa dawa, troli imeachwa njiani, na aliyebaki hajui kitanda namba 11 kimeshapewa au bado. Dawa nyingi huvumilia nusu saa mbele au nyuma. Basi siku ya Ijumaa hao wawili waanze vitanda vyao saa 5:35, watie saini kila karatasi ya dawa, wawe wamemaliza saa 6:10. Zile dawa zisizovumilia kusogezwa apewe anayebaki, kwa jina. Kisha dakika tano za makabidhiano kando ya vitanda, si kwa kupungiana mkono mlangoni.

Chakula nacho kina hesabu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60 kwa uchache. Wale wawili wametumia dakika 75, kwa hiyo 60 ni mapumziko yao na 15 ni deni. Walipe kwa kuripoti saa 1:15 asubuhi siku hiyo. Mlutheri ale saa 5 hadi saa 6, wakati wodi bado ina watu wengi. Msabato aende saa 7:30, na dada yetu Muislamu saa 8:30, baada ya kuwa ameshaswali Adhuhuri yake ndani ya wakati. Asiwepo mtu anayekosa chakula ili mwingine aswali. Nimeona wodi ambamo swala ya mmoja ililipiwa kwa njaa ya mwenzake, na chuki iliyozaliwa pale haikuhitaji mwalimu.

Lakini mmoja akiugua Ijumaa hiyo? Wanabaki wanne, na akitoka mmoja wanakuwa watatu. Hapo mwanamume mmoja tu ndiye anayekwenda. Nani? Jina lake liwe limeshaandikwa kwenye rota, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, ili pasiwe na mashindano ya nani mcha Mungu zaidi. Anayebaki ataswali Adhuhuri rakaa nne, wala asijione amefanya dhambi. Wanazuoni wa fiqhi, tena wa madhehebu yetu ya Kishafii, wameandika zamani kwamba anayemuuguza mgonjwa asiye na mwingine wa kumtazama ana udhuru wa kuikosa Ijumaa. Udhuru huo ni wa huyo aliyebakizwa siku ile, usigeuzwe na mwajiri kuwa kibali cha kumfungia mtu miezi sita bila kuiona mimbari. Na aliye chumba cha upasuaji akiwa ameshavaa glovu, huyo hana mjadala. Akimaliza amuulize sheikh wake kuhusu kuchanganya swala mbili.

Wako watakaosema kwamba kuswali kwa mafungu ni kuipunguza ibada. Wakasome Sura ya Nisaa, aya ya 102. Imeelezwa humo swala ya watu walio vitani: fungu moja linaswali na fungu jingine linalinda, kisha wanapokezana. Adui alikuwa mbele yao na swala haikuachwa, wala ulinzi haukuachwa. Sioni zamu ya hospitali iliyopangwa wazi kuliko hiyo.

Sasa Magharibi, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko Ijumaa, ila haipigiwi kelele. Dar es Salaam jua huchwa mapema mwezi Mei, saa 12:12 jioni hivi, na huchelewa mwanzoni mwa Februari, karibu saa 12:50. Wakati wake hauzidi sana saa moja. Ndani ya saa hiyo kuna dawa za saa 12 jioni, kuna ndugu wa wagonjwa wanaosukumwa watoke, na katika wodi nyingine kuna makabidhiano ya zamu. Zamu zikipokezana saa 12:30, basi mwezi Februari Magharibi inamwangukia anayeingia, na mwezi Juni inamwangukia anayetoka. Rota isiyobadilika huwaonea hawa sehemu moja ya mwaka na wale sehemu nyingine. Wodi yetu ya mfano inapokezana saa 1:30 usiku, na hiyo ni afadhali: swala yote ni ya zamu ya alasiri. Iwe na mikupuo miwili ya dakika 15. Kuanzia Novemba hadi Aprili iwe saa 12:50 na saa 1:05. Kuanzia Mei hadi Oktoba irudi saa 12:25 na saa 12:40. Mabadiliko mawili kwa mwaka, basi. Ndugu zetu walioko London hawana raha hiyo. Kule mwezi Desemba jua huchwa kabla ya saa 10 jioni na mwezi Juni baada ya saa 3 usiku, na rota ya swala hubadilika karibu kila mwezi. Sisi tulio karibu na ikweta tunashindwa na nini?

Limebaki la uadilifu. Yule Mlutheri anatushikia wodi kila Ijumaa. Jumapili asubuhi yuko wapi? Kama yuko kazini huku sisi tuko ofu tukinywa chai, hatuna uso wa kudai chochote. Jumapili asubuhi, Krismasi na Pasaka wajiandike Waislamu kwanza, kabla ya kuombwa. Na Msabato aliyetubebea saa ya mchana, Sabato yake inaanza jua likichwa Ijumaa hiyohiyo mpaka jua la Jumamosi lichwe. Zamu ya usiku wa Ijumaa na ya mchana wa Jumamosi zichukuliwe na Waislamu. Mabadilishano haya yakiandikwa, hakuna anayemfanyia mwingine fadhila, na inchaji ambaye hana habari na dini ya mtu anaweza kuyapanga kwa kalamu na kalenda.

Nawe uliyekwenda msikitini, swala ikiisha rudi. Mazungumzo ya uani na sahani ya pilau kwa jirani vina siku yake. Sura ya Ijumaa yenyewe, baada ya kuamuru kuacha biashara kwa ajili ya mwito, inaamuru watu watawanyike swala ikimalizika. Anayerudi saa 8:10 badala ya saa 7:30 amemnyima chakula Msabato wetu, na amemharibia ruhusa Muislamu atakayeajiriwa baada yake.

Mainchaji, mnapobandika rota ya mwezi ujao ongezeni mistari minne: idadi ya chini ya wauguzi, majina ya wanaotoka Ijumaa, jina la anayeshika vitanda vyao, na saa ya kurudi. Wauguzi Waislamu, msingoje kuulizwa, pelekeni majina yenu kabla haijabandikwa, pamoja na orodha ya Jumapili mtakazofanya kazi.