Neno la Mhariri: Kila Mshale ni Dai

Aghalabu mswada unaotufikia juu ya ufuasi wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huja na mchoro wa visanduku na mishale ulionakiliwa kitabuni, nao ukiisha kupewa ukurasa wake hautajwi tena, si katika dodoso wala katika uchambuzi. Hoja yetu ni kwamba mfumo wa dhana ni mkusanyiko wa madai: kila mshale wadai kuwa jambo hili huzaa lile, na dai ambalo takwimu haziwezi kulikanusha halistahili kuchorwa.

Tuitazame Nadharia ya Imani kuhusu Afya, iliyoasisiwa miaka ya 1950 na Hochbaum, Rosenstock na wenzao huko Marekani, walipotaka kujua kwa nini watu hawaji kupigwa eksirei ya kifua kikuu. Yasema kwamba mtu hutenda akijiona yu hatarini, akiyaamini maradhi kuwa mazito, na akiona manufaa yazidi vikwazo. Walakini eksirei ni tendo la mara moja, ilhali ARV humezwa kila siku maisha yote. Mtafiti akiwauliza wagonjwa leo kama wanajiona hatarini, yule amezaye dawa barabara, ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, atajibu kuwa hana hofu. Basi takwimu zitaonyesha kana kwamba kukosa hofu ndiko kunakoleta ufuasi, kumbe ufuasi ndio uliokwisha kuiondoa hofu. Ajikingaye na kosa hili huuliza kwa sharti, “Ukiacha dawa miezi mitatu, waonaje hali yako itakuwaje?”, kisha hungoja, akaupima ufuasi baadaye kwa tarehe za kuchukua dawa na wingi wa virusi.

Jeffrey Fisher na William Fisher, katika nadharia yao ya mwaka 1992 iliyoelekezwa kwenye ARV mwaka 2006, walisema maarifa na ari hufanya kazi zaidi kwa kupitia ujuzi wa kutenda. Mfikirie mke amezaye dawa kwa siri: saa ya dozi aijua, na kuishi awalee wanawe ataka, hata vidonge amevihamishia kwenye kitambaa ili kopo lisilie, lakini mawifi wakija kulala chumbani mwake, saa yapita. Kwa hiyo kisanduku cha usiri hakiwi sababu moja tu miongoni mwa nyingine. Mshale wake huangukia juu ya mshale utokao kwenye ujuzi kwenda kwenye ufuasi, ukidai kwamba ujuzi huwafaa kidogo wafichao kuliko waliokwisha kujifunua. Ikidhihirika kuwa unawafaa wote sawasawa, mshale huo na ufutwe.

Basi kabla ya kuchora, mtafiti aandike kila mshale kwa sentensi kamili, kando yake swali la dodoso litakaloupima, na matokeo yatakayomlazimu kuuacha.