Risiti ya duka na fakture yenye jina la kikundi

Leo tuseme juu ya karatasi tunayopewa dukani. Wengi wetu tunaipima kwa jambo moja tu: kama inaonyesha bei. Lakini karatasi ni za namna mbili.

Risiti ya duka ni fupi. Inaonyesha muuzaji, tarehe, vitu na jumla ya pesa, lakini haisemi ni nani aliyenunua. Kwa sabuni na chumvi za nyumbani, hiyo inatosha.

Fakture kamili inaandika muuzaji na namba yake ya kodi, mnunuzi na namba yake, namba ya fakture, bei bila kodi, halafu TVA peke yake, mwisho jumla. TVA ilianza katika Kongo yetu tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa mia.

Tuchukue mfano. Ushirika wa wamama uliosajiliwa kwa TVA unanunua vitenge vya franga 500,000. TVA ni 80,000, wanalipa 580,000. Kisha wanaviuza 600,000, na kuongeza TVA ya 96,000. Wakiwa na fakture yenye jina na namba ya ushirika, wanatoa ile 80,000 waliyokwisha kulipa, na serikali inapokea 16,000 tu. Wakiwa na risiti isiyo na jina, hawana cha kuonyesha kwamba ni wao walionunua. Watalipa 96,000 yote, na ile 80,000 imepotea. Faida yao ilikuwa 100,000. Sasa inabaki 20,000.

Je, kikundi kidogo kisichosajiliwa kwa TVA? Hakitarudishiwa kodi hiyo, hata fakture iwe nzuri namna gani. Lakini jina bado lina kazi. Mweka hazina akileta risiti isiyo na jina, nani atajua kama vitenge ni vya kikundi au vya duka lake mwenyewe? Fakture ikiandikwa jina la kikundi, inamlinda yeye na sisi pia. Isiandikwe jina la mama aliyetumwa, kwa sababu mali itaonekana kuwa yake.

Kwa hiyo, tuseme jina mbele ya kulipa. Anayetumwa aende na kikaratasi chenye jina kamili la kikundi, na namba ya kodi kama ipo. Kuongeza jina kwa kalamu nyumbani hakusaidii: nakala iliyobaki dukani haina jina hilo, na karatasi mbili hazitalingana. Likikosewa, turudi dukani, ile ya kwanza ifutwe na nyingine itolewe.

Mbele ya kutoka, tusome mistari mitatu: jina letu, namba ya muuzaji, na TVA iliyoandikwa peke yake. Muuzaji akidai TVA na hana namba ya kodi, tumuulize kwanza pesa hiyo inakwenda wapi.