Usiku wa mgeni na kodi ya mpangaji: kipi kinalipa?

Wafanyabiashara wanaoshuka Kariakoo kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe au Moroni wanahitaji pa kulala karibu na maduka. Ndiyo maana mwenye nyumba ya ghorofani Ilala, Upanga au Magomeni hushawishika kumwondoa mpangaji, kununua samani na kupokea wageni wa siku chache. Hesabu inayomvuta ni nyepesi: bei ya usiku mmoja mara siku 30. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ndiyo inayowapotezea watu mtaji, kwa kuwa inaacha gharama nje na inadhani mgeni yupo kila usiku.

Tuanze na mpangaji. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili inayopangishwa kwa Sh600,000 kwa mwezi, na mpangaji anajinunulia umeme wa LUKU na kulipia maji mwenyewe. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokwenda TRA inabakisha Sh540,000. Tukikadiria kuwa nyumba itakaa tupu mwezi mmoja katika kila miaka miwili, tunapunguza Sh22,500 kwa mwezi. Tukitenga Sh17,500 za rangi na matengenezo, mkononi inabaki Sh500,000. Hicho ndicho kiasi ambacho wageni wanapaswa kukipita.

Kwa nyumba ya wageni, gharama za kwanza ni zile zinazolipwa hata kama hakuna aliyelala. Vitanda, magodoro, friji, jiko, kiyoyozi, runinga, mapazia na mashuka tuseme vimegharimu Sh7,200,000. Vitu hivi huchakaa, kwa hiyo tuvigawe kwa miaka minne: Sh150,000 kila mwezi. Intaneti Sh70,000, kijana wa kupokea wageni na kutunza funguo Sh120,000, leseni na vitu vidogovidogo Sh30,000. Jumla ni Sh370,000. Ukiongeza zile Sh500,000 za mpangaji, nyumba lazima izalishe Sh870,000 kwa mwezi ili uwe sawa tu na ulivyokuwa.

Sasa tuangalie usiku mmoja unabakisha nini. Tuseme bei ni Sh80,000. Tutenge asilimia 15 ya kamisheni ya mtandao unaokuletea mgeni, na asilimia 10 ya kodi na ushuru, ambayo kila mtu aihakikishe TRA na kwenye halmashauri yake. Zinabaki Sh60,000. Umeme na maji, hasa kiyoyozi, vinakula Sh8,000. Zinabaki Sh52,000.

Gharama inayosahauliwa ni ya kufanya usafi, kufua mashuka na kuweka sabuni kila mgeni anapoondoka. Tuikadirie Sh20,000. Hii hailipwi kwa kila usiku, inalipwa kwa kila mgeni. Kwa mgeni wa usiku mmoja, Sh52,000 zinashuka hadi Sh32,000, na utahitaji usiku 28 kwa mwezi kufikisha Sh870,000. Kwa mgeni wa usiku mbili, kila usiku unabakisha Sh42,000, na usiku 21 unatosha. Kwa mgeni wa usiku nne, kila usiku unabakisha Sh47,000 na mahitaji ni usiku 19, yaani asilimia 63 ya mwezi.

Nyumba ni ileile na bei ni ileile, lakini urefu wa ukaaji umebadilisha kila kitu. Usiku 28 kwa mwezi ni karibu hauwezekani, maana siku ya usafi au mgeni mmoja aliyeahirisha safari inaharibu hesabu yote. Usiku 19 unafikika. Kwa hiyo mgeni bora wa nyumba hii ni mfanyabiashara anayekaa siku nne akikusanya mzigo na kusubiri ufungwe, kuliko msafiri anayelala usiku mmoja kabla ya basi la alfajiri. Weka sharti la usiku mbili au zaidi, au mtoze wa usiku mmoja bei inayolipia usafi wake.

Kosa la pili ni kushusha bei wageni wanapopungua. Tuseme umeshuka kutoka Sh80,000 hadi Sh60,000, yaani robo ya bei. Hata kwa mgeni wa usiku nne, unabaki na Sh32,000 kwa usiku, na mahitaji yanaruka kutoka usiku 19 hadi 28. Gharama za umeme, maji na usafi hazishuki pamoja na bei. Punguzo la namna hii linajaza nyumba na kuacha mfuko mtupu, na mwenyewe huligundua pale godoro linapotakiwa kubadilishwa na fedha hakuna.

Mahali ambapo mfanyabiashara wa kuvuka mipaka anaweza kushinda ni kwenye kamisheni. Ana namba za wateja na wenzake wa Congo, Zambia na Malawi. Mgeni wa usiku nne aliyepiga simu moja kwa moja na kulipa Sh70,000 anaacha Sh50,000 kwa usiku baada ya kodi, umeme, maji na usafi. Hapo usiku 18 unatosha. Mgeni ameokoa Sh10,000 kila usiku, na mwenye nyumba amepata zaidi kuliko kwa bei ya Sh80,000 ya mtandaoni. Bei hiyo itajwe na ilipwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania.

Usipime biashara hii kwa mwezi mmoja mzuri. Usiku 19 kwa mwezi ni usiku 228 kwa mwaka. Ukipata usiku 22 kwa miezi saba ya msimu, umefikisha 154, na ile mitano ya ukame bado inakudai usiku 15 kila mmoja. Kabla ya kununua kitanda, pigia simu wenzako 20 na uwaulize walilala Dar es Salaam usiku mangapi mwaka uliopita, na walilipa kiasi gani. Majibu yao yakijumlishwa yasipokaribia 228, mwache mpangaji akae.

Anayepanga nyumba ya mwingine ili aipangishe kwa wageni yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Kodi ya miezi sita mbele ni Sh3,600,000, na pamoja na samani ameshatoa Sh10,800,000 kabla ya mgeni wa kwanza. Kila mwezi anadaiwa Sh970,000, hivyo kwa mgeni wa usiku nne wa mtandaoni anahitaji usiku 21 ili apate sifuri. Kwa mwenye nyumba, mwezi mbaya unapunguza faida. Kwa huyu, mwezi mbaya unakula mtaji wa mzigo.

Tena mpangaji anayelipa miezi sita anampa mwenye nyumba fedha ya kuzungusha dukani leo, wakati wageni wanaleta kidogokidogo. Ndiyo maana nasema kupita usiku 19 kwa kidogo hakutoshi. Kama wenzako hawakuhakikishii angalau usiku 22 kwa wastani wa mwaka mzima, faida haitalipia usumbufu wa funguo, mashuka na simu za usiku wa manane. Aliyeko Kampala au Nairobi aweke kodi, umeme na bei za kwake kwenye hatua hizihizi, kisha ahesabu usiku kabla ya kumpa mpangaji notisi.