Daftari la Wiki: Tarehe ya Mchango

Barua pepe ya kamati ya harusi ya binamu yangu iliingia Jumatatu asubuhi. Mkutano ni Jumamosi saa nane mchana, katika mkahawa mmoja katikati ya jiji. Mjomba wa Lavington angependa tukutane kwake, ambako kuna nafasi ya kuegesha magari, lakini katibu amekataa, na ana haki. Wa Rongai na wa Githurai kwanza lazima washuke mjini. Ukiwaambia wapande tena namba 46 ya Kawangware ndipo wafike Lavington, watakuja saa kumi, na saa kumi ndiyo ajenda ya bajeti.

*

Majukumu yamegawanywa kwa heshima zaidi kuliko kwa kazi. Mwenyekiti ni mzee wetu. Atafungua kwa sala na kufunga kwa sala. Shangazi ndiye mweka hazina, na papo hapo amewekwa kuongoza kamati ndogo ya chakula. Hapo ndipo ninapokuna kichwa. Simtilii shaka shangazi hata kidogo, ila anayeshika pesa akiwa ndiye anayenunua, siku hesabu ikigoma hana shahidi. Mpeni chakula, hazina ishikwe na mwingine.

Pia michango inaingia kwenye laini yake mwenyewe ya M-Pesa. Akaunti hiyo haibebi zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na bajeti yetu ni 780,000. Hata kabla ya kufika huko, pesa za harusi zimelala pamoja na za sukari na za umeme. Halafu kuna yale majina: mtu anachanga kwa simu ya kijana wake, ujumbe unakuja na jina ambalo hakuna ajuaye ni la nani, na shangazi mwingine analalamika kikundini kwamba alichanga lakini hayumo kwenye orodha. Akaunti ya benki yenye watia saini wawili, na namba yake ya kulipia kwa simu, ingemwondolea mweka hazina nusu ya kelele.

*

Bajeti niliisoma Jumatano. Keki ya 35,000 imezua majibu mengi kuliko mstari mwingine wowote. Chakula hakijaguswa: wageni 350 kwa shilingi 800 sahani, yaani 280,000, zaidi ya theluthi moja ya bajeti yote. Ukipunguza wageni 100 umeokoa 80,000 kwenye sahani pekee, na bado hujahesabu viti, hema na soda. Lakini kupunguza wageni ni kutaja majina, na nani atataja? Kupunguza keki hakumuudhi mtu ila mwoka keki.

*

Kilichonisumbua wiki nzima ni tarehe ya mwisho ya michango. Harusi ni Jumamosi tarehe 12 Desemba. Barua inasema michango ifike kabla ya tarehe 30 Novemba. Inasikika vizuri, kwa kuwa zitakuwa zimebaki karibu wiki mbili kabla ya harusi. Ila mpishi anataka nusu ya pesa zake, 140,000, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na hiyo ni tarehe 21 Novemba. Wa hema naye hamwekei mtu tarehe ya Desemba kwa maneno. Walipwaji wanatangulia walipaji.

Tena ahadi ni 610,000, na zilizoingia ni 185,000. Kamati inapanga kwa ile ya kwanza, mpishi atalipwa kwa hii ya pili.

Wengi wetu hapa Nairobi tunalipwa mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi kufikia tarehe 5. Mchango una dirisha dogo hapo katikati. Mshahara wa Novemba hauwezi kumlipa mpishi wa tarehe 21 Novemba. Wa Oktoba ndio unaoweza. Basi tarehe ya kweli ni 3 Novemba, kikumbusho kiende tarehe 28 Oktoba, na yule aliyeahidi 20,000 aulizwe mapema kama anaweza kuleta 10,000 sasa.

Nimemwandikia katibu hivyo. Amejibu kwa dole gumba.

*

Maarusi hawa wanafunga ndoa kanisani. Wangekuwa wanaenda kwa msajili pale Sheria House, kungekuwa na tarehe isiyongoja mchango wa mtu: Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ilani itolewe si chini ya siku 21 kabla.

*

Ijumaa jioni shangazi wa Kangemi ameuliza kikundini, mbele ya wote, chai ya huo mkutano inalipwa na nani. Tuko kumi na wanne, na mjini chai na andazi si bei ya Kangemi. Nimepekua bajeti mara mbili. Kuna 15,000 za zulia jekundu. Za chai ya kamati hakuna. Mwenyekiti amesema tutaligusa kwenye mengineyo.