Namba ya ruzuku unayo, mbona umelipia mbolea bei kamili?

Mama mmoja wa Amani alitupigia simu studio akiwa na swali moja. Alikuwa amesajiliwa kwenye mpango wa mbolea ya ruzuku, na namba yake ya mkulima ilikuwa kwenye simu. Alishuka Muheza mjini kununua mbolea ya kupandia. Wakala akaichukua namba, akabonyeza simu yake kwa muda, kisha akasema, "Mama, mfumo haufanyi kazi leo. Ukitaka mbolea, lipia bei ya kawaida." Mvua zilikuwa zimeanza. Akalipa, akapakia mifuko miwili kwenye gari, akarudi mlimani.

Wiki kadhaa baadaye alirudi dukani kutafuta mbolea ya kukuzia. Safari hii mfumo ulikuwa unafanya kazi, lakini akaambiwa mgao wake umepungua kwa mifuko miwili. Swali lake kwetu lilikuwa hili: "Kama punguzo sikupewa, hiyo mifuko miwili ya ruzuku kaichukua nani?"

Kulijibu swali hilo, inabidi kwanza tuone punguzo lenyewe linapitia wapi.

Punguzo halimo kwenye ujumbe wa simu

Mpango huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, jijini Mbeya. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda dunia nzima, kwanza kwa misukosuko ya usafirishaji wakati wa Uviko, kisha kwa vita vya Urusi na Ukraine. Mfuko wa kilo 50 wa urea ulikuwa umevuka shilingi 120,000. Kwa ruzuku, mkulima alitakiwa kuupata kwa shilingi 70,000. Mpango umeendelea misimu iliyofuata, ukisimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Bei hubadilika kwa msimu na kwa aina ya mbolea, kwa hiyo uliza kwa afisa ugani bei ya wilaya yako kabla ya kwenda dukani.

Wengi wetu tukipata namba ya mkulima tunaona tumeshapata punguzo. Bado. Namba inasema tu kwamba wewe ni mkulima fulani, una ekari kadhaa, na kutokana na ekari hizo una haki ya mifuko kadhaa. Punguzo linazaliwa dukani, pale wakala anapoingiza namba yako kwenye mfumo na kuskani alama iliyo kwenye mfuko. Hapo mfumo unaandika kwamba mfuko huu umeuzwa kwa mkulima huyu kwa bei ya ruzuku. Kiasi kinachobaki, kile ambacho wewe hukulipa, Serikali inakifidia kwa upande wa wauzaji kulingana na mauzo yaliyoandikwa humo.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyotakiwa kwenda pamoja: kilichoandikwa kwenye mfumo na fedha iliyotoka mkononi mwako. Vikiachana, kuna mtu amepoteza.

Bei kamili za aina mbili

Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme mfuko bila ruzuku ni shilingi 125,000 na kwa ruzuku ni 70,000. Mifuko miwili kwa ruzuku ni 140,000. Bila ruzuku ni 250,000. Mkulima aliyelipa bei kamili ametoa 110,000 zaidi.

Inaweza kuwa mfumo kweli uligoma. Mtandao ulikatika, au taarifa za mkulima hazikuhuishwa msimu huu, au namba iliingizwa vibaya. Wakala hakuskani chochote, akauza mbolea kama bidhaa ya kawaida. Umepata hasara ya 110,000, lakini mgao wako upo palepale. Mfumo ukirudi, bado una haki ya mifuko yako yote.

Inaweza pia kuwa wakala aliingiza namba yako, akaskani mifuko, halafu akakuambia mfumo umegoma. Wewe umelipa 250,000. Mfumo umeandika kwamba ulilipa 140,000, na zile 110,000 zinadaiwa Serikalini kwa jina lako. Fedha hiyo imelipwa mara mbili, kwako na kwenye hazina. Mgao wako nao umeliwa.

Mkulima aliyesimama mbele ya kaunta haoni tofauti. Maneno ni yaleyale, "mfumo umegoma", na fedha aliyotoa ni ileile. Tofauti inaonekana kwenye mgao. Ndiyo maana yule mama aligundua wiki kadhaa baadaye. Mgao ungekuwa umebaki kamili, tungesema amekutana na mtandao mbovu. Umepungua kwa mifuko miwili, idadi ileile aliyonunua, kwa hiyo kuna mauzo yameandikwa kwa namba yake. Hilo halithibitishi peke yake nani aliyefanya, maana huenda namba ilitumiwa na mtu mwingine au kwenye duka jingine. Lakini mfumo unatunza kumbukumbu za mauzo, na hapo ndipo uchunguzi unapoanzia.

Mambo haya si mageni. Kati ya mwaka 2008 na 2014 nchi yetu ilikuwa na vocha za karatasi za pembejeo. Katika baadhi ya maeneo wakulima walisaini vocha bila kupokea mbolea, na karatasi zikaenda kudaiwa fedha. Mfumo wa simu umeondoa karatasi, lakini namba ya mkulima leo ni sawa na ile saini. Ukiiacha mikononi mwa mtu, umemwachia saini yako.

Kwa nini milimani tunaumia zaidi

Duka likiwa mlangoni, mfumo ukigoma leo unarudi kesho. Kwa mtu wa Amani, kurudi kesho ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Na mahindi hayasubiri: mbolea ya kupandia inatakiwa na mbegu, na ya kukuzia inatakiwa mahindi yakifika magotini. Wakala anajua kwamba ukishafika mjini hutapenda kurudi mikono mitupu.

Umbali umezaa desturi nyingine. Kijiji kinamtuma kijana mmoja mwenye pikipiki, anakwenda na namba za majirani sita kwenye karatasi. Ni ujirani mwema, na wengi hawana njia nyingine. Lakini karatasi ile ikibaki dukani, namba sita zimebaki dukani. Mwenye namba hayupo kuona mifuko mingapi imeskaniwa, na yule kijana naye huenda hajui aangalie nini.

Tena kuna mbolea ya kupima. Kwa sababu mashamba yetu ni madogo, huku Amani na hata kwa wenzetu wa viazi na kabichi kule Lushoto, mtu ananunua kilo tano au kumi kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa. Mbolea hiyo hainunuliwi kwa ruzuku, maana alama ya kuskani imebaki kwenye mfuko na haiwezi kugawanywa. Ukiombwa namba ya mkulima huku unapimiwa kilo tano kwa bei ya kawaida, uliza: namba yangu inaandika nini?

Mezani, kabla fedha haijatoka

Kinga kubwa ni mpangilio wa mambo. Mkulima wa yule mfano wetu afanye hivi. Kabla ya kutoa fedha, amwombe wakala aingize namba na amwonyeshe kwenye simu jina linalotokea na mifuko iliyobaki. Jina likiwa la mtu mwingine, au taarifa zikiwa hazijahuishwa, tatizo liko kwenye usajili na litatatuliwa na afisa ugani au ofisi ya kijiji, si dukani. Kisha mfuko uskaniwe mbele yake, ukiwa umefungwa. Ndipo alipe, na alipe bei ya ruzuku.

Wakala akisema mfumo umegoma, swali la kuuliza ni moja: "Namba yangu umeshaiingiza?" Kama jibu ni ndiyo, au hana hakika, usinunue kwa bei kamili hapo hapo. Subiri, au jaribu duka jingine lililoidhinishwa. Mfumo ukiwa umegoma kweli, huenda na duka la pili litagoma. Duka la pili likifanya kazi vizuri, utaona pia mgao wako umebaki mifuko mingapi.

Ukilazimika kununua kwa bei kamili kwa sababu mvua haisubiri, usitoe namba kabisa. Nunua kama mteja yeyote, dai risiti iliyoandikwa idadi ya mifuko, aina ya mbolea, kiasi ulicholipa na tarehe. Umeumia kwa bei, lakini mgao umebaki wako.

Kwa anayemtuma jirani, mpe namba yako kwa ujumbe wa simu badala ya karatasi, mwambie arudi na risiti yenye jina lako, na mfuko ubaki umefungwa hadi ukufikie.

Kama umeshalipa

Ukigundua siku ileile na mfuko hujaufungua, rudi nao dukani. Kama haukuskaniwa, omba muuze upya kwa ruzuku mfumo ukirudi. Hapa wakala hapotezi kitu, maana fidia yake itakuja. Mfuko ukishafunguliwa na mbolea kumwagwa shambani, ni vigumu kurekebisha, na kama mauzo hayakuandikwa, mfumo hauna cha kukurudishia.

Ukigundua mgao umepungua, lalamiko ni zito zaidi, kwa sababu linahusu fedha za umma pamoja na zako. Anza kwa afisa ugani au mtendaji wa kijiji, aandike. Wao walipeleke kwa afisa kilimo wa wilaya, na TFRA iombwe kuangalia mauzo yaliyofanywa kwa namba yako: tarehe gani, duka gani, mifuko gani. Beba risiti, tarehe ya safari, na mifuko mitupu. Usiitupe. Alama iliyo juu yake inaweza kuonyesha kama mfuko uliolipia bei kamili umeandikwa kwenye mfumo kwamba uliuzwa kwa ruzuku.

Yule mama alikuwa ametumia mfuko mmoja kubebea mihogo, na mwingine alikuwa ameutandika bandani kwa kuku. Tulimwomba autoe bandani, aukung'ute, aupeleke pamoja na risiti kwa afisa ugani wake. Risiti ilisema bei kamili. Alama ya mfuko ilikuwa bado inasomeka.