Daftari la wiki: Kifaransa na ubahili wa herufi kubwa

Mfasiri aliyezoea Kiingereza au Kiswahili akiandika Kifaransa, herufi kubwa humtambulisha kabla hata hujafika kwenye sarufi. Wiki hii nimehariri kurasa kadhaa za historia ya Kongo zilizoandikwa kwa mkono wa namna hiyo. Kila mwezi, kila siku, kila lugha na kila cheo vilikuwa vimesimamishwa wima.

Nitatunga sentensi moja tuitazame kwa karibu, kuhusu siku ya uhuru wa Kongo:

*Le jeudi 30 juin 1960, à Léopoldville, le roi Baudouin parla en français devant des Belges et des députés congolais.*

Kwa Kiswahili tungesema kuwa Alhamisi, tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville, Mfalme Baudouin alizungumza kwa Kifaransa mbele ya Wabelgiji na wabunge wa Kongo. Hesabu herufi kubwa za sentensi ya Kifaransa. Ukiacha *Le* inayofungua, zimebaki tatu: mji, jina la mfalme, na Wabelgiji. Siku ni *jeudi*, mwezi ni *juin*, cheo ni *roi*, lugha ni *français*, vyote kwa herufi ndogo. Mwingereza angevikuza vyote, na sisi pia.

Sababu yake naiona nzuri. Kifaransa humpa herufi kubwa mwenye jina lake mwenyewe. Alhamisi hurudi kila wiki na Juni kila mwaka, na wafalme wamepita wengi. Hayo kwa Wafaransa ni maneno ya kawaida kama "asubuhi" au "mkulima". Baudouin ndilo jina, *roi* ni kazi yake.

* * *

Penye utelezi ni kwenye uraia, maana hapo neno lilelile hubadilika kulingana na kazi yake. *Des Belges* ni watu, ni nomino, kwa hiyo B ni kubwa. *Congolais* katika *députés congolais* ni kivumishi kinachowaeleza wabunge, kwa hiyo c ni ndogo. Wabunge wale ni Wakongo kamili, lakini kisarufi aliyesimama pale ni mbunge, na Ukongo ni sifa yake.

Jaribio ninalolitumia ni kulifuta neno la jirani. Nikifuta *députés*, inabaki *des Congolais*, na sasa herufi inapanda kwa sababu neno limekuwa mtu. Tazama pia *les Belges catholiques* na *les catholiques belges*. Katika la kwanza Mbelgiji ndiye nomino, anapata herufi kubwa. Katika la pili nomino ni mkatoliki, na wafuasi wa dini kwa Kifaransa huandikwa kwa herufi ndogo: *un catholique*, *un musulman*. Basi maneno yote mawili yanabaki madogo. Msomaji wa Unguja au Mombasa asidhani dini yake imedharauliwa. Hata dini zenyewe huandikwa *l'islam* na *le christianisme*.

Lugha ndiyo inayowaponyoka wengi. *Un Français* ni mtu wa Ufaransa. *Le français* ni lugha yake. Na Kiswahili chetu ni *le swahili*, s ndogo.

Baada ya kitenzi cha "kuwa", kama katika *il est belge*, desturi iliyoenea ni herufi ndogo, ingawa wapo wanaoikuza. Hapo simsahihishi mtu, ila namtaka ashike njia moja hadi mwisho wa kitabu.

* * *

Tarehe ikigeuka jina, mwezi hupanda. Barabara kuu ya Kinshasa kwa uandishi makini ni *boulevard du 30-Juin*: neno la barabara dogo, Juni kubwa, kwa kuwa tarehe hiyo sasa inaitaja sikukuu. Ziwa letu ni *le lac Tanganyika*, na bahari yetu *l'océan Indien*. Aina ya kitu ni ndogo, kinachokitofautisha ni kikubwa.

* * *

Vyeo vina ugomvi wake. *Le président*, *le ministre*, *la reine* havina shida. Waziri mkuu ndiye anayewagawa wahariri: wengi huandika *Premier ministre*, P kubwa na m ndogo, na magazeti mengine hushusha zote mbili. *Premier Ministre*, yenye kubwa mbili, ndiyo ninayoikuta kila siku kwenye kurasa za wafasiri wetu, na naifuta kila siku.

Lakini ukimwandikia mwenye cheo barua, adabu inaishinda kanuni. Salamu huwa *Monsieur le Ministre*, kwa herufi kubwa, na vivyo hivyo kwenye maneno ya kuagia mwishoni. Ukimtaja waziri mwingine ndani ya barua hiyohiyo, rudi kwenye *le ministre*.